Kabla ya kununua nauli ya chini kutoka Mtwara, tazama safari zilizofutwa

Watu wengi hapa Mtwara wakitafuta tiketi ya ndege ya kwenda Dar huuliza bei, na akizidi mtu atauliza kama shirika hilo huchelewa. Mimi nadhani kuchelewa si tatizo kubwa. Ndege ikichelewa dakika arobaini, bado utafika. La kuulizia ni safari zinazofutwa, maana wastani wa kuwahi huzificha.

Chukua namba ya safari iliyoandikwa kwenye tangazo la nauli, si jina la shirika, kisha itafute kwenye Flightradar24, tovuti inayofuatilia safari za ndege. Bila kulipa utaona siku saba zilizopita: saa iliyopangwa, saa ndege iliyoondoka kweli, na neno kama Landed au Canceled. Tuseme katika safari saba, nne zimefika kwa wakati (kwa kawaida ya usafiri wa anga, ndani ya dakika 15), moja imechelewa saa mbili, na mbili zimefutwa. Anayehesabu zilizoruka tu atakwambia nne kati ya tano, yaani asilimia 80. Wewe uliyebaki Mtwara na begi lako unahesabu nne kati ya saba, asilimia 57. Ukiona Unknown usiiweke kwenye hesabu, huenda mawimbi ya ndege hayakunaswa tu. Na kwa kuwa wiki moja ni kipimo kidogo, rudia wiki inayofuata kama safari yako bado iko mbali.

Halafu uliza jambo ambalo watu hulisahau: ikifutwa, inayofuata ni lini? Shirika lenye safari kila siku litakusogeza kesho. Lenye safari chache kwa wiki linaweza kukuweka siku mbili, na msimu wa korosho hata hiyo inayofuata huwa imejaa. Barabara nayo ni zaidi ya kilomita 550, na Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata kule Somanga, kwa hiyo usiitegemee sana wakati wa masika.

Sasa piga hesabu. Tiketi ya bei ndogo inakuokolea, tuseme, shilingi 60,000. Kama Dar unaunganisha ndege ya nje kwa tiketi nyingine uliyoinunua kando, shirika la pili halina wajibu wa kukungoja wala kukubadilishia bure. Utalipia tiketi mpya na nyumba ya wageni, na zile 60,000 hazitaonekana zilikokwenda. Msafiri wa namna hiyo namshauri alipe zaidi kwa shirika lenye safari nyingi, au atangulie Dar siku moja kabla.

Lakini kama unakwenda Temeke kumsalimia shangazi, nunua ya bei rahisi bila wasiwasi. Ukichelewa, ubwabwa utapashwa moto.