Kamera Isijikokote Mlangoni

Wiki hii nimetazama tena video ya 3D ya kuuza nyumba ambayo kamera yake ilipita koridoni kwa kasi, ikajikokota mlangoni, kisha ikachomoka kuelekea dirisha la sebule. Inaniuma kuona modeli iliyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa ikiharibiwa na mwendo wa kamera, na chanzo chake ni kimoja karibu kila mara.

Ili splaini, yaani mstari laini uliopindwa ambao kamera huufuata, isikate kona na kupenya ukutani, tunaweka nukta tatu kwenye mlango: moja kabla, moja katikati, moja baada. Hilo ni sahihi. Tuchukue njia ya mita 12: koridoni mita 6, kisha vipande viwili vya mita 0.6 mlangoni, halafu mita 4.8 sebuleni. Katika Three.js, maktaba ya JavaScript ya picha za 3D, `getPoint` hugawa muda sawa kwa kila kipande bila kujali urefu wake. Kwa video ya sekunde 12, kila kipande kinapata sekunde 3, kwa hiyo koridoni kamera inakwenda kwa wastani wa mita 2 kwa sekunde, na mlangoni mita 0.2 tu. Nusu ya video inaishia kwenye fremu ya mlango! Dawa yake ni kupima njia kwa urefu wake halisi, u ikiwa sehemu ya urefu huo iliyokwisha kupitwa, kutoka 0 hadi 1:

```js
const njia = new THREE.CatmullRomCurve3(nukta, false, 'centripetal');
njia.getPointAt(u, kamera.position);
```

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie kuanza na kusimama taratibu. Wengi huchukua fomyula ya u = 3t² − 2t³, t ikiwa sehemu ya muda iliyopita kutoka 0 hadi 1, na kuitumia kwa njia nzima, ingawa kasi yake ya juu ni mara 1.5 ya wastani na hufikiwa katikati ya safari. Kwa njia yetu, hiyo ni mita 1.5 kwa sekunde pale pale kamera inapofika mlangoni, ambapo kuta ziko karibu na mtazamaji huona kizunguzungu upesi zaidi. Mimi naongeza kasi kwa sekunde 2 za mwanzo, naipunguza kwa sekunde 2 za mwisho, na katikati naishikilia kwenye mita 1.2 kwa sekunde.

Nakubali, bila kupenda sana, kwamba mteja akitaka jiko lionekane vizuri kamera inaweza kusimama njiani. Basi isimame kabisa kwa sekunde kadhaa, kwa sababu kupunguza kasi nusunusu huonekana kama kompyuta imezidiwa.

Suala la kamera itazame wapi lina mtego wake. Tukiielekeza kwenye nukta iliyo mbele kidogo kwenye njia hiyo hiyo, mwishoni nukta hiyo hukosa pa kwenda, kamera huifikia, na picha hugeuka ghafla kwenye fremu za mwisho. Kwa hiyo mtazamo naupa splaini yake, inayopita dirisha na kuishia nje ya nyumba.