Mizinga miwili, saa nne, mapigo 41

Machi 9, 1862, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kwenye maji ya Hampton Roads, meli ya Kaskazini iitwayo Monitor ilipambana kwa takriban saa nne na Virginia ya Kusini, zote mbili zikiwa zimevikwa chuma. Monitor ilibeba mizinga miwili ndani ya mnara wa chuma uliozungushwa kwa mvuke. Virginia ilikuwa na kumi: minne kila ubavu, na mmoja mmoja omoni na tezini. Tangu hapo imesemwa kwamba siku hiyo mnara uliizika mizinga ya ubavuni. Mimi hesabu ya mapigo ndiyo inayonikwaza.

Monitor ilifyatua mara 41. Gawanya saa nne kwa 41: ni pigo moja kila dakika sita hivi, na kwa kuwa mizinga ilikuwa miwili, kila mmoja ulinyamaza kama dakika kumi na mbili baada ya kupiga. Mwaka 1805, katika vita vya majini vya Trafalgar, mabaharia wa Kiingereza waliozoea kazi waliweza kupakia na kufyatua mzinga wa ubavuni ndani ya dakika mbili au pungufu, walau mwanzoni kabla ya kuchoka. Ni kweli mizinga yao ilikuwa midogo sana ukilinganisha na ya Monitor, ambayo tufe lake moja lilikaribia kilo 75. Lakini uzito wa tufe peke yake hauelezi dakika kumi na mbili.

Kilichobaki kilitokana na mnara wenyewe. Mizinga ilipakiwa kwa mdomoni, kwa hiyo kila baada ya pigo ilirudishwa ndani, na tundu likazibwa kwa kizibo kizito cha chuma ili risasi za adui zisipenye. Kukifungua kizibo kulihitaji watu kadhaa, na vizibo viwili havikuweza kufunguliwa pamoja, hivyo mizinga ikawa inapokezana. Baya zaidi, mnara ulikuwa mgumu kuanza kuzunguka na mgumu zaidi kusimama. Luteni Greene, aliyesimamia mizinga, aliishia kuuacha uzunguke na kufyatua pale adui anapopita mbele ya tundu. Alama za chokaa zilizoonyesha omo, tezi na pande mbili zilikuwa zimechorwa chini, kwenye sehemu isiyozunguka, zikafutika mapema. Bomba la kusemea kati ya mnara na chumba cha usukani nalo likaharibika, maagizo yakawa yanapelekwa na watu kwa mbio. Fikiria unaambiwa adui yuko kulia, nawe hujui kulia ni wapi.

Hata ile sifa ya kupiga pande zote ilikuwa na kasoro. Chumba cha usukani kilijengwa mbele ya mnara, kwa hiyo kupiga moja kwa moja omoni kungewaua wenyewe.

Hata hivyo, pembe ya kupigia ndiyo iliyoiokoa Monitor. Mzinga wa ubavuni huona kupitia dirisha lake tu. Ukitaka uelekee kwingine, geuza meli nzima. Virginia ilizama futi 22 hivi majini, na kuigeuza kulichukua nusu saa au zaidi. Monitor, iliyohitaji nusu tu ya kina hicho, iliizunguka hata Virginia ilipokwama mchangani, ikipiga mahali ambapo mizinga ya Virginia haikuelekea. Wakati wote huo mizinga ya ubavu wa pili ilikaa bure.

Basi mbona Virginia haikutobolewa? Wakubwa wa jeshi la majini la Kaskazini walihofia mizinga ya Monitor ingepasuka, wakaagiza baruti isizidi ratili 15 kwa pigo. Baadaye ilionekana kwamba mizinga ile ingestahimili mara mbili yake. Virginia nayo ilikuja na makombora ya kuchomea meli za mbao, si matufe mazito ya kuvunja chuma, maana siku moja kabla ilikuwa imeangamiza meli mbili za mbao. Zikaachana bila mshindi.

Kwa hiyo waliosita kuacha mizinga ya ubavuni kwa miaka kadhaa iliyofuata hawakuwa wajinga. Bado meli zilihitaji milingoti na matanga, na kamba zake ziliukatia mnara njia ya kupigia. Mwingereza Cowper Coles alijaribu kuviunganisha viwili hivyo katika HMS Captain, iliyokaa chini mno majini huku imebeba milingoti kamili. Septemba 1870 ilipinduka kwa upepo karibu na Hispania, ikazama na watu karibu 480, yeye mwenyewe akiwemo. Mnara ulitulia pale tu matanga yalipoondolewa, kama katika manowari ya Kiingereza Devastation ya 1873.

Halafu ubavu ukarudi. Manowari ya Kiingereza Dreadnought ya 1906 ilikuwa na mizinga mikubwa kumi katika minara mitano, na minane kati yake iliweza kupiga upande mmoja kwa pamoja. Mbele ilipiga michache zaidi, kwa hiyo nahodha aliyetaka nguvu kubwa zaidi ilimbidi ampe adui ubavu.