Kanzu yangu na choo cha Hajati

Najua mmeshasikia habari yangu na choo cha Hajati kilichofurika. Shemeji ameisambaza mpaka kwenye grupu la ukoo, na toleo lake lina uongo mmoja mkubwa: sikupanda juu ya sinki. Nilipanda ukingo wa bafu. Tuelewane hapo kwanza.

Nyumba ni ya Hajati, Bombo, na mabomba yake nilichora mimi kwenye kompyuta, kwa ile michoro unayoizungusha nyumba kama andazi kikaangoni. Nilianza na maji safi. Kazi tamu ile: unaanzia kwenye tanki, unavuta paipu, unaweka elbo, inapanda ukuta, tii hapa, inashuka bombani. Maji safi yana msukumo, hayaulizi mlima wala bonde.

Basi mkono ukazoea. Nilipofika kwenye maji machafu nikaanzia nje vilevile, chembani, nikavuta paipu ya inchi nne mita nane hadi chooni. Kitufe cha "Slope Down" nilikuwa nimeshakiwasha, 1:40. Sasa kile kitufe kinashusha paipu kutoka pale unapoanza kuchora kwenda unapoishia. Hakijui kinyesi kinatoka wapi. 1:40 ni sentimita 2.5 kila mita, kwa hiyo kwa mita nane ni sentimita 20. Chembani paipu ikakaa sentimita 40 chini ya sakafu, chooni 60. Ilitakiwa kuwa kinyume! Kompyuta haikulalamika hata kidogo: paipu zimeungana, wai zimekaa, rangi nzuri. Na mteremko wa 1:40 kwenye skrini huuoni kwa jicho. Ni mpaka usome kina cha ncha zote mbili, na mimi sikusoma.

Fundi aliona. Aliweka pima maji juu ya paipu mtaroni, akakwaruza kichwa. "Mkuu, hii inashukia ndani?" Nikamwambia, wallahi nilimwambia, "Mzee, fuata mchoro." (Cheka tu. Na yeye anacheka.)

Tukajaribu kabla ya zege. Jerikani ya kwanza, chembani kukavu. Ya pili, kukavu. Ya tatu maji yakatokea, nikapiga makofi. Hakuna aliyeuliza zile mbili zimeenda wapi. Zilikuwa zimelala ndani ya paipu, karibu lita 50, kama bwawa la kambare, zinasubiri wageni.

Wiki moja baadaye, dua ya nyumba mpya. Kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Pilau nimekula sahani mbili, siwezi kukana. Nikaingia chooni, nikamaliza, nikavuta maji.

Maji yakapanda bakulini. Polepole. Yakafika karibu na ukingo, yakasimama, yakanitazama. Nikashusha pumzi, Alhamdulillahi. Ndipo nyuma yangu, kwenye lile tundu la sakafu ya bafu, nikasikia *glu*. Nikageuka. *Glu-glu*. Kichujio kikainuka kidogo kama mtu anayechungulia. Mzigo wa wiki nzima ulikuwa umetulia kwenye lile bwawa mpaka ukaziba, na maji yakizibiwa njia hutokea kwenye tundu lililo chini kuliko yote. Bakuli liko juu. Bafu liko chini. Na mimi nimesimama bafuni.

Mtu mwenye akili angetoka. Mimi nilivuta maji mara ya pili, eti yasukume.

Sitaeleza rangi. Nitasema tu kwamba yalikuja na karatasi, yakazunguka kandambili za Hajati zikaanza kuelea kama mitumbwi ya Viktoria, na mimi juu ya ukingo wa bafu, kanzu nimeikusanya mpaka magotini, upindo wa nyuma tayari umelowa. Mlango ukagongwa. Sauti ya sheikh, kwa upole: "Mwanangu, uko salama?" Nikajibu, "Salama, sheikh, natia udhu." Maji yakapita chini ya mlango kabla jibu halijafika.

Mengine mnayajua. Sakafu ikavunjwa, paipu ikapinduliwa, chooni 40, chembani 60. Gharama yangu. Safari hii fundi alimwaga nusu jerikani tu, nikakimbilia chembani, nikakuta maji yameshanitangulia. Hakusema neno. Alinipa pima maji niishike.

Kanzu bado iko kwa Hajati, anasema ameshaifua. Sijapata uso wa kwenda kuichukua.