Tarehe Mpya Bila Hesabu Si Mpango

Kila msimamizi wa mjengo hapa Mombasa ameshausikia ujumbe huu wa sauti: "Bosi usijali, Jumamosi ya wiki ijayo tutakuwa tumemaliza." Jumamosi inafika, fundi wa plasta yuko mlangoni na watu wake, na ukuta bado una mifereji mitupu isiyo na bomba. Kinachoniudhi si fundi bomba aliyechelewa, kwa sababu kuchelewa kuna sababu zake. Kinachoniudhi ni mkandarasi mkuu anayepokea tarehe ya pili, ya tatu na ya nne kwa mdomo, halafu siku ya ugomvi hana karatasi hata moja mkononi.

Tuchukue mjengo wa ghorofa nane kule Bamburi, fleti nne kila ghorofa, jumla 32. Mkandarasi mdogo wa mabomba alikubali kulaza mabomba ya ukutani fleti nne kwa wiki, amalize wiki ya 8. Wiki ya 5 imeisha. Kwa ratiba zilipaswa kuwa tayari fleti 20. Yeye anasema amemaliza 14.

Kabla ya kukaa kikao, pandeni ngazi pamoja mkahesabu. Na kabla ya kuhesabu, kubalianeni neno "tayari" lina maana gani. Fleti iko tayari ikiwa mabomba yamefungwa, yamejazwa maji, hewa imetolewa, yamepandishwa presha hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba na geji imetulia. Mabomba ya plastiki hutanuka kidogo yakipata presha, kwa hiyo sindano ya geji kushuka mwanzoni si lazima iwe uvujaji. Unapandisha tena, ndipo unaanza kuhesabu muda. Ikiendelea kushuka, kuna kiungo kinachovuja, na ni heri ukione sasa kuliko baada ya vigae. Kwa kipimo hicho, fleti tatu kati ya zile 14 hazijapimwa. Zilizo tayari ni 11.

Sasa hesabu inasema wazi. Zimebaki 21 na wiki tatu, yaani fleti saba kwa wiki, kwa kikosi ambacho mpaka leo kimekuwa kikitoa mbili na kitu. Akikuahidi wiki ya 8, anakuahidi kuzidisha kasi mara tatu. Ukiikubali ahadi hiyo, lawama ni yako pia.

Swali la kumuuliza si "utamaliza lini?" Muulize, "Kinachokukwamisha ni nini?" Kisha nenda ukaangalie mwenyewe. Hapa ana jozi mbili, kila jozi fundi na msaidizi, na mashine moja tu ya kuchomea mabomba. Jozi moja ikiunganisha, nyingine inasubiri. Zaidi ya hapo, fundi mwenyewe ndiye anayekata mifereji kwa grenda, kazi ambayo kibarua aliyeelekezwa vizuri angeifanya. Dawa imeonekana: mashine ya pili, vibarua wa kukata mifereji waliotengwa, na jozi mbili zaidi. Jozi isiyosubiri mashine wala kukata ukuta inaweza kutoka fleti moja na kidogo kwa wiki hadi moja na nusu. Jozi nne, fleti sita. Wiki ya 6 andika nne tu, maana watu wapya hawaanzi kwa kasi kamili. Wiki ya 7 sita, ya 8 sita, ya 9 tano. Jumla 21. Atamaliza wiki moja nyuma ya ratiba, na hiyo ndiyo tarehe ya kuandika. Afadhali kuchelewa wiki moja unayoijua, umpange fundi wa plasta aje ghorofa kwa ghorofa nyuma yake, kuliko ahadi tamu itakayokuvunjia ratiba ya watu watatu.

Kuongeza saa za usiku ni suluhisho ninaloliogopa. Bomba la milimita 20 hupashwa moto kama sekunde 5, la milimita 25 kama 7. Fundi aliyechoka huzidisha, plastiki huyeyukia ndani na kuziba njia ya maji, na kipimo cha presha hakitakuonyesha hilo. Mwenye nyumba ndiye atakayeligundua akifungua bafu.

Halafu kuna upande ambao wakandarasi wakuu hawapendi kuusikia. Mkandarasi mdogo naye ana ya kwake, na mara nyingi ni kweli: ghorofa ya tano bado imejaa nguzo za shata, michoro ya jikoni ilibadilishwa, maji ya kupimia hayapo, malipo ya mwezi uliopita hayajatoka. Yaandikwe kwenye karatasi ileile, kila moja na jina la mhusika na siku. Mkandarasi mkuu ataondoa nguzo ghorofa ya tano kufikia Jumatatu ya wiki ya 6. Ataleta bauza la maji kila Ijumaa asubuhi. Kama shida ni pesa ya vifaa, atalipa dukani moja kwa moja na kukata kwenye malipo yajayo, na kiasi kiandikwe. Mpango unaombana mmoja tu haudumu wiki mbili.

Kisha sentensi ambayo watu huisahau, nayo ndiyo inayolinda kila kitu: "Ratiba hii ni ya kufidia muda uliopotea. Haiongezi muda wa mkataba, wala haiondoi haki ya upande wowote iliyomo kwenye mkataba." Bila maneno hayo, mwenzako anaweza kudai kwamba ulipokubali wiki ya 9 ulimsamehe wiki ya 8. Naye kama ana dai la muda kwa sababu ya nguzo zako, sentensi hiyohiyo inamlindia dai lake.

Andikeni pia nini kitafanyika mambo yakiharibika tena, na kigezo kiwe cha kuhesabika. Jumamosi ya wiki ya 7 zinapaswa kuwa tayari fleti 21. Zikiwa chini ya 19, ghorofa ya saba na ya nane zinapewa kikosi kingine, kwa bei iliyotajwa. Hili lazima alikubali kwa saini sasa. Kumpokonya mtu kazi iliyo kwenye mkataba wake bila kifungu kinachokuruhusu kunaweza kukufanya wewe ndiwe uliyevunja mkataba.

Karatasi yenyewe haihitaji kuzidi kurasa mbili. Iwe na hesabu mliyoifanya ghorofani, jedwali la wiki nne, ahadi za pande zote mbili, ile sentensi, kigezo cha wiki ya 7, tarehe na saini. Asaini mwenye kampuni, si nyapara wake, kwa sababu nyapara hana mamlaka ya kununua mashine. Ipigwe picha itumwe kwenye kundi la WhatsApp la saiti. Watu wa zamani walisema mali bila daftari huisha bila habari, na siku za mjengo ni mali.

Nakubali, fundi akichelewa siku moja kwa sababu ya mvua ya masika, huna haja ya kumwitia kikao. Mazungumzo ya mdomo yanatosha, na heshima inabaki. Lakini hatua ya pili ikipita bila kutimia, keti naye siku hiyohiyo.

Kila Jumamosi saa nne asubuhi, wewe na yeye, geji mkononi, mnapanda ngazi. Mnaandika idadi, mnasaini pembeni ya jedwali. Dakika 40 hazizidi.