L iliyodondoka

Kila baada ya muda mtu huweka mtandaoni orodha ya maneno ya Kiswahili yanayofanana na ya lugha fulani ya mbali, kisha anahitimisha kwamba tulitoka huko. Watu wanashangilia na kusambaza. Mimi orodha za namna hiyo hazinishtui hata kidogo, kwa sababu maneno kufanana ni ushahidi dhaifu mno wa undugu. Lugha zina sauti chache na maneno maelfu, kwa hiyo ukitafuta kwa bidii hutakosa yanayogongana kwa bahati tu. Ushahidi wenye nguvu ni kutofautiana, ila kutofautiana kwa mpango uleule, neno baada ya neno.

Chukua mvua. Wazulu husema imvula, Wachewa mvula, Wagiriama mvula, Wanyarwanda imvura, Wakikuyu mbura. Sasa chukua njaa: Kizulu indlala, Kichewa njala, Kiganda enjala, Kinyarwanda inzara. Mguu kwa Kiganda ni okugulu, kwa Kinyarwanda ukuguru, kwa Kikuyu kũgũrũ. Kivumishi chetu -kuu ni -khulu kwa Wazulu, -kulu kwa Waganda na Wachewa, -kuru kwa Wanyarwanda, -kũrũ kwa Wakikuyu. Neno letu juu ni eggulu ya Kiganda, izulu ya Kizulu na ijuru ya Kinyarwanda, ambayo kwao ni mbingu.

Wenzetu wote wana l au r mahali pale ambapo sisi hatuna kitu. Si katika neno moja, ni katika kila neno nililotaja. Bahati haiwezi kurudia kosa lilelile mara zote hizo. Na angalia kwamba neno likikosekana katika lugha moja hoja haianguki: Waganda mvua huiita enkuba, Wakikuyu njaa huiita ng'aragu, basi, walichukua neno jingine. Kitakachoitikisa hoja ni neno kuwepo huku limebeba sauti isiyotarajiwa, na hapo lazima utoe maelezo.

Kilichotokea kwetu ni kudhoofika kwa konsonanti. Ulimi unapotamka l katikati ya irabu mbili hugusa ufizi kidogo tu na kushuka. Vizazi vikipita, mguso ule unalegea, unakuwa mpapaso, mwisho ulimi hauendi tena. Irabu mbili zinabaki zimekaa ubavu kwa ubavu, na ndiyo maana mguu una u mbili na kila moja ni silabi yake, m-gu-u, mkazo ukiwa kwenye ile ya kwanza.

Haikudondoka kila mahali. Mwanzoni mwa mzizi ilishika: Wanyarwanda husema kurira, sisi kulia. Zilikuwa mbili, ya kwanza ipo, ya pili imekwenda. Kurera na kulea, vivyo hivyo. Tena ukipitia kamusi utaona l hudondoka zaidi ikifuatwa na a, o au u, lakini ikifuatwa na i au e kwa kawaida imesalia: mwili, kali, kivuli, mbele, nywele. Kuna waliokaidi, kama lala, ambalo kwa utaratibu huu lingekuwa laa. Sioni aibu kulitaja. Sauti za Kiswahili zilibadilika midomoni mwa watu wa miji mingi ya pwani, na hapa kanuni ilikamata maneno mengi bila kuyamaliza yote.

Hilo la i na e ndilo linalonifurahisha kuliko yote, kwa sababu linaonyesha kwamba huhitaji hata kuvuka mpaka ili uione ile l. Sema zaa, halafu sema zaliwa. Kaa, kalia. Fungua, funguliwa. Pokea, pokelewa. Mwalimu wangu wa sarufi alituambia kwamba l hiyo "huongezwa" kwa vitenzi vinavyoishia na irabu mbili. Kihistoria ni kinyume chake. L ilikuwapo tangu zamani, Wazulu mpaka leo husema zala, ila kwetu mbele ya a ikadondoka na mbele ya i na e ikabaki. Zaa ndiyo iliyopungukiwa.

Kisha tazama mzazi. Na mlezi kutoka lea, mkazi kutoka kaa, mkombozi kutoka komboa. Hiyo z imetoka wapi? Lugha-mama ya Kibantu, ile ya kale iliyozaa lugha zote hizi, ilikuwa na irabu 7, zikiwemo i za aina mbili, moja ikitamkwa kwa ulimi kupanda juu zaidi. Wakikuyu bado wanazitenga, ndiyo maana wanaandika i na ĩ. Sisi tumezichanganya zikawa moja, lakini zilikuwa zimeshaacha alama: ile ya juu kabisa iligeuza l kuwa z, ile nyingine iliiacha l ilivyo. Kwa hiyo katika zaa, zaliwa na mzazi unaona konsonanti moja ikiwa imepotea, ikiwa nzima, na ikiwa imegeuka.

Mtu akishanogewa na mchezo huu huanza kupachika l katika kila pengo, na hapo ndipo anapoumia. Neno jua, lile la angani, lina u na a zilizokaa pamoja kama mvua. Utaapa kwamba lilikuwa jula. Waulize ndugu: Wanyarwanda wana izuba, Wachewa dzuwa. Pengo la jua ni la b, ambayo nayo ililegea, kwa Wachewa ikawa w, kwetu ikaisha. Kiswahili peke yake hakiwezi kukwambia ni sauti gani ilianguka, kwa sababu mapengo yote yanafanana. Ndiyo kazi aliyoifanya mtaalamu wa lugha Mjerumani, Carl Meinhof, alipochapisha kitabu chake cha sauti za Kibantu mwaka 1899: kuziweka lugha kadhaa meza moja ili kila moja iseme kile ambacho nyingine imesahau.

Kusahau nako kuna mtego wake. Tunasema sahauliwa na dharauliwa, lakini maneno haya ni ya Kiarabu na huko kwao hayana l. L imewekwa na wasemaji wa Kiswahili, ambao masikio yao yalikwishazoea kwamba kitenzi cha irabu mbili mwishoni kikinyambuliwa hutoa l. Hapa, basi, mwalimu wangu alikuwa sahihi: imeongezwa. Ndiyo maana zaliwa peke yake haithibitishi kitu mpaka usikie zala ya Kizulu au -zaala ya Kiganda.

Mikopo hiyohiyo inatusaidia kupanga nini kilitangulia. Sala, kabila, fadhila, yote yana l kati ya irabu, mbele ya a, na hakuna hata moja lililodondosha. Maana yake yalipoingia, ule ulegevu ulikuwa umeshapita. Yangelikuwepo mapema tungeswali "saa".

Na si ya Kiarabu tu. Ikulu ina l katikati ya u mbili, mahali ambapo neno la pwani la zamani lilitakiwa kuwa na pengo. Sauti peke yake inatosha kukutilia shaka kwamba halikuzaliwa Mvita wala Unguja. Ukifuatilia unafika bara, kwa Wanyamwezi na Wasukuma, ambako ni makao ya mtemi. Hiyo -kulu ukiitoa l unabaki na -kuu.