Mkopo wa dola, kodi ya shilingi: hesabu ya mwenye nyumba wa Mikocheni

"Nina apatimenti sita Mikocheni. Zamani kodi nilikuwa naitoza kwa dola, sasa wapangaji wote wananilipa shilingi. Nataka kukarabati na kununua jenereta. Benki imenipa ofa mbili, zote za miaka mitatu: dola 40,000 kwa riba ya asilimia 9, au shilingi milioni 100 kwa asilimia 16. Wenzangu wanasema nichukue ya dola, riba ni ndogo na shilingi imeshatulia. Nichukue ipi?"

Wenzako wana hoja, na nitaanza nayo kabla sijaipinga. Tuchukulie kwamba benki inakuuzia dola moja kwa 2,500, na kwamba riba inakokotolewa kwenye salio linalopungua, marejesho yakiwa sawa kila mwezi. Mkopo wa dola utakudai dola 1,272 kwa mwezi, yaani shilingi 3,180,000. Mkopo wa shilingi utakudai takriban 3,515,700. Ukichukua wa dola, mwezi wa kwanza tu unabaki na zaidi ya laki tatu mfukoni. Kama bei ya dola haitasogea kwa miezi yote 36, utakuwa umeokoa kama milioni 12. Si pesa ya kudharau.

Na kuna watu waliopata faida hiyo kweli. Kuanzia 2016 hadi 2022 dola ilizunguka kati ya 2,150 na 2,350 hivi, miaka karibu saba. Aliyekopa dola 2016 akamaliza kulipa 2019 hakuona mshtuko wowote, akalipa riba ndogo huku jirani yake wa mkopo wa shilingi akilipa kubwa. Ushauri unaosikia leo unatoka kwa watu hao, nao wanasimulia walichokiona.

Tatizo ni miaka iliyo kabla na baada ya hapo. Mwanzoni mwa 2015 dola ilikuwa kwenye 1,700 na kitu, na kufikia Juni ilikuwa imevuka 2,000. Mwaka 2023 ikaanza kupanda tena, ikavuka 2,700 mwaka 2024, kisha Desemba ya mwaka huohuo ikashuka chini ya 2,500. Shilingi yetu ina tabia hiyo: hutulia muda mrefu hadi watu wakasahau, halafu husogea kwa miezi michache kiasi ambacho ungetarajia kwa miaka. Kwa hiyo kusema "imetulia" kunaeleza miezi iliyopita, na mkopo wako ni wa miezi inayokuja.

Sasa, unahitaji kujua dola ifike bei gani ndipo mkopo wake uwe ghali kuliko wa shilingi. Hesabu yake ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani: chukua rejesho la shilingi, ligawe kwa rejesho la dola. 3,515,700 ukigawa kwa 1,272 unapata 2,764. Wastani wa bei utakayonunulia dola kwa miaka mitatu ukiwa chini ya hapo, wenzako wamekushauri vizuri. Ukiwa juu ya hapo, umelipa zaidi kwa mkopo uliodhani ni rahisi. Kutoka 2,500 hadi 2,764 ni ongezeko la asilimia 10 na nusu hivi. Hiyo ndiyo nafasi yote uliyonayo, na nusu ya kwanza ya 2015 peke yake ingeimaliza.

Lakini wastani unaficha kitu. Tuseme mwaka wa kwanza bei inakaa 2,500, kisha dola inaruka hadi 2,900 na kubaki hapo. Kwa jumla utakuwa umelipa karibu sawasawa na mkopo wa shilingi, milioni 126 na ushee. Kwenye karatasi ni suluhu. Kwenye maisha yako si suluhu hata kidogo. Rejesho la mwezi wa 12 lilikuwa 3,180,000, la mwezi wa 13 linakuwa 3,688,800. Nusu milioni ya ziada kila mwezi kwa miaka miwili, kutoka kwa wapangaji walewale wenye mikataba ileile.

Angalia na salio, maana hapo ndipo wengi hushtuka. Baada ya marejesho 12 bado unadaiwa kama dola 27,840. Kwa 2,500 hiyo ni milioni 69.6. Kwa 2,900 ni milioni 80.7. Umelipa milioni 38 kwa mwaka mzima, halafu bei inaruka na deni linakua kwa milioni 11 bila wewe kukopa hata senti. Na dhamana yako ni nyumba iliyothaminiwa kwa shilingi. Mikataba mingi ya mikopo inaipa benki haki ya kudai dhamana ya ziada pale salio linapokaribia mno thamani ya nyumba. Kifungu hicho kitafute na ukisome kabla ya kusaini.

Wewe una jambo jingine ambalo mwenye duka la kawaida hana, nalo ni historia ya kodi yako. Ulipokuwa ukitoza dola, mkopo wa dola ulikuwa salama kwako. Dola ikipanda, kodi yako kwa shilingi nayo ilipanda siku hiyohiyo. Hata mpangaji aliyekulipa shilingi alilipa kwa bei ya siku. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotoka Machi 2025 zimekata kamba hiyo: bidhaa na huduma za ndani, pamoja na pango, hutajwa na kulipwa kwa shilingi. Wakati huohuo kanuni hizo hazijazuia mikopo ya fedha za kigeni inayotolewa na benki. Ndiyo maana unaweza kuwa na deni la dola kihalali huku kisheria huwezi tena kudai kodi ya dola. Nadhani wenye nyumba wengi wa Masaki na Mikocheni hawajalitafakari hilo. Bado wanajiona watu wa dola kwa sababu ya wapangaji wao na mtaa wao.

Hata hivyo hujakatwa kabisa. Mkataba wa mwaka ukiisha, kodi mpya mnapatana upya. Swali ni nani anakaa ndani. Mpangaji anayelipwa mshahara kwa dola na shirika la nje, dola ikipanda, kipato chake kwa shilingi kimepanda pia, na ukimwongezea kodi asilimia 15 huenda akakubali bila kelele nyingi. Meneja wa kampuni ya hapa anayelipwa shilingi atakuonyesha tangazo la apatimenti ya Mbezi Beach na kuhama. Na hata kwa yule wa kwanza unasubiri mkataba uishe, wakati benki haisubiri. Kama kati ya sita wako wawili ni wa aina ya kwanza, basi ni theluthi moja tu ya mapato yako inayofuata dola, tena kwa kuchelewa.

Mwenye malori yanayobeba mizigo ya Zambia na Kongo kutoka bandarini, akilipwa dola na wateja wa huko, yuko kwenye hesabu tofauti. Kwake mkopo wa shilingi ndio unaoweza kuwa kamari. Simlaumu akichukua wa dola.

Kuna hatari ya pili inayosahaulika, nayo ni dola kukosekana. Mwaka 2023 shida kwa wafanyabiashara wengi haikuwa bei peke yake. Mtu alikuwa na shilingi zake kamili kwenye akaunti, anaambiwa na benki asubiri, au apewe kidogo kidogo. Bei iliyobandikwa ukutani haikusaidii kama hakuna wa kukuuzia. Kabla ya kusaini muulize afisa mikopo swali moja: siku ya rejesho, benki yenyewe itanibadilishia shilingi zangu, au ni jukumu langu kuleta dola? Jibu liandikwe kwenye mkataba. Kama jukumu ni lako, adhabu ya kuchelewa pia ni yako.

Msimu nao una mchango. Dola huwa nyingi kuanzia katikati ya mwaka hadi Desemba, watalii wanapojaa na mazao kama korosho yanapouzwa nje. Miezi ya mwanzo wa mwaka hukauka. Kwa kuwa wapangaji wako huenda wanalipa miezi mitatu au sita kwa mkupuo, unaweza kununua dola za marejesho kadhaa wakati zipo na kuziweka kwenye akaunti ya dola. Hilo linakuvusha kwenye miezi mibaya. Halikulindi na bei iliyohama moja kwa moja.

Utasikia pia kwamba benki inaweza kukufungia leo bei ya dola za miezi ijayo. Inaweza, ila bei hiyo hupangwa kwa kuangalia tofauti ya riba ya shilingi na ya dola. Sehemu kubwa ya nafuu uliyoifuata kwenye asilimia 9 inarudi benki kwa mlango huo, na mara nyingi kinga yenyewe haifiki miaka mitatu.

Mawili ya haraka. Uliza kama asilimia 9 ni ya kudumu au inaelea na riba za Marekani, ambazo zilitoka karibu sifuri Machi 2022 zikafika juu ya asilimia 5 kufikia Julai 2023. Na ukumbuke benki hununua dola kwa bei ya chini kuliko inayouzia. Dola 20,000 ukizibadili uwalipe mafundi, tofauti ya shilingi 60 kwa dola inakula milioni 1.2 kabla kazi haijaanza.

Mimi ningechukua wa shilingi. Jenereta ikiwa inalipwa nje kwa dola, na wapangaji wawili wa mishahara ya dola wapo kweli na mikataba yao inaisha karibuni, ningeweza kukubali dola zisizozidi theluthi ya mkopo, kwa sharti la kuzilipa mapema bila faini. Zaidi ya hapo sioni unalipwa nini kwa hatari unayoibeba.

Nguvu yako ya majadiliano ipeleke kwenye ile asilimia 16. Una hati, una nyumba inayoingiza kodi kila mwezi, na una ofa unayoweza kuipeleka benki nyingine. Wakikushushia hadi 13, rejesho linakuwa kama 3,369,400. Gawa tena kwa 1,272 unapata 2,649, bei ambayo dola ilishaivuka mwaka 2024.