Bibi wa shupaza mwenye walinzi watatu

“Kwa nini nisimtoe bibi wa shupaza kila ninapompata? Ana pointi 13 peke yake. Nikimpitisha kwa jirani, hofu yote imehama.”

Hoja hii ina uzito wake, na wanaoishikilia si wachezaji wabaya. Katika mchezo wa Kopa, ambao wengi wetu tuliujua kwa jina la Hearts kwenye kompyuta za Windows, kila mchezaji humpitishia jirani karata tatu kabla ya kuanza, na pointi ni za kukwepa: mgao mmoja una pointi 26, na karata moja imebeba nusu yake. Kopa zote 13 kwa jumla zinalingana naye. Ukimpata bibi akiwa peke yake, au na shupaza moja ya chini, hakuna mjadala: wapinzani wakianzisha shupaza mara mbili atalazimika kushuka, na ikiwa ree na mfalme havijatoka kwenye mzunguko huo, utamla mwenyewe. Mtoe.

Lakini kanuni ya “kila mara” inaangalia karata moja na kusahau zile 12 zilizobaki. Unazo nafasi tatu tu za kutoa. Ukimpa bibi nafasi moja, kuna karata nyingine mbaya itakayobaki mkononi, na mara nyingi hiyo ndiyo itakayokufanya umle bibi yuleyule uliyempa mwenzako. Kumtoa bibi hakumwondoi mezani. Kunambadilishia mmiliki tu, na mmiliki mpya naye anatafuta wa kumtupia.

Ndiyo maana swali la kwanza wakati wa kupitisha ni aina gani ya karata itakayokulisha. Tuchukue mfano wa uru nne: mfalme, ghulamu, 10 na 8. Wengi wanaziacha kwa sababu hazina ree na hazina bibi, zinaonekana za kawaida. Tuzihesabu. Ukishika nne, zimebaki tisa kwa wachezaji watatu. Kabla watu hawajapeana karata, uwezekano kwamba wote watatu wana angalau uru moja ni kama asilimia 96. Maana yake mzunguko wa kwanza wa uru ni salama karibu kila mara: wote watafuata, hakuna atakayepata nafasi ya kutupa kopa wala bibi. Uwezekano kwamba wote wana angalau mbili, yaani mzunguko wa pili nao upite salama, unashuka hadi asilimia 67. Na wote kuwa na tatu, ili mzunguko wa tatu upite bila mtu kuishiwa? Hapo lazima zile tisa ziwe zimegawanyika tatu, tatu, tatu. Ni asilimia 11.

Mporomoko huo kutoka 67 hadi 11 ndio ninaotaka tuukazie macho, kwa sababu ndio unaoamua karata zipi ni hatari. Karata kubwa inayotumika mzunguko wa kwanza haina madhara makubwa. Ree ya uru ikiwa peke yake inashuka mapema, inakula uru nne tupu, yamekwisha. Hatari ni kubaki na karata kubwa kwenye mzunguko wa tatu, na mwenye mfalme, ghulamu, 10 na 8 hana namna ya kulikwepa hilo: akitoa mbili kwenye mizunguko ya mwanzo, zilizobaki bado ni kubwa kuliko nyingi zilizo mezani. Linganisha na ree, 9, 3 na 2. Ree inashuka mzunguko wa kwanza, kisha 3 na 2 zinapita chini ya kila kitu. Mkono wa pili una karata kubwa kuliko zote za aina hiyo, nao ndio salama zaidi. Na asilimia zile ni za kabla ya kupitishana. Baada ya hapo hali ni mbaya zaidi kwenye uru na pau, kwa kuwa kila mchezaji amejaribu kumaliza moja ya aina hizo.

Sasa turudi kwa bibi. Akiwa na walinzi watatu, yaani shupaza tatu za chini, kwa mfano 9, 6 na 3, hesabu ni ileile: shupaza tisa ziko kwa wengine watatu. Anayependa kumtoa atasema, na atakuwa sahihi, kwamba karibu mara tisa kati ya kumi kuna mpinzani mwenye shupaza nne au zaidi, hivyo mzunguko wa nne wa kumfukuza bibi unawezekana. Ila kuwezekana ni jambo moja na kufanyika ni jingine. Mtu huyo lazima apate nafasi ya kuanzisha shupaza tena na tena. Mwenye ree au mfalme hataki kabisa shupaza zianzishwe. Na wakati mizunguko hiyo mitatu inapita, wewe unahitaji nafasi moja tu ya kutofuata aina iliyoanzishwa. Asilimia 11 inayomtisha mwenye uru kubwa ndiyo inayokufungulia wewe mlango wa kumtupa bibi.

Tuchukue mkono mzima, kupitisha kukiwa kwa kushoto:

Shupaza: bibi, 9, 6, 3
Kopa: 10, 7, 4, 2
Uru: mfalme, ghulamu, 9
Pau: ree, 8

Mwenye kanuni ya “kila mara” atatoa bibi, mfalme wa uru na ree ya pau. Anabaki na shupaza za chini tu, na hilo ni jema: yeyote akianzisha shupaza, hana wasiwasi. Lakini amebaki na ghulamu na 9 wa uru, na 8 ya pau. Mzunguko wa pili wa uru unaweza kumwangukia ghulamu wake, na aliyeshika bibi sasa ni jirani wa kushoto, anayecheza mara tu baada yake na kumwona ameshuka na nini.

Mimi ningetoa uru zote tatu. Nisipopokea uru, mara ya kwanza mtu atakapoanzisha uru, bibi anaondoka. Na hata nikipokea, mpango hauharibiki haraka. Tuseme jirani wa kulia amenipa mfalme wa kopa, bibi wa uru na 5 ya pau. Mfalme wa kopa amekuja kukaa juu ya 10, 7, 4 na 2, kwa hiyo ana wa kumfunika. Bibi wa uru yuko peke yake, atashuka mzunguko wa kwanza wa uru, na hata akila ni nadra kuwemo pointi. Mchezo unaanza kwa 2 ya pau, na kwa kanuni ya kawaida hakuna karata ya pointi inayotupwa mzunguko huo, hivyo ree ya pau inakula bila gharama. Kisha naanzisha 5 ya pau. Hapa kuna faida ambayo watetezi wa kumtoa bibi hawaisemi: ninapokula mzunguko kwa bahati mbaya, hakuna anayeweza kuniangushia bibi, kwa kuwa ninaye mimi. Hasara yangu kubwa kwenye mzunguko wowote usio wa shupaza ni kopa chache.

Baada ya bibi wa uru kushuka, kila anayeanzisha uru ananifungulia mlango. Na najua kitu ambacho wengine hawakijui: jirani wa kushoto alipokea mfalme, ghulamu na 9 za uru kutoka kwangu. Hizo hazina pa kujificha. Kuna nafasi nzuri kwamba yeye ndiye atakayekula mzunguko wa pili au wa tatu wa uru, na bibi atakuwa ndani yake. Karata nilizotoa zimekuwa mtego wa kumpokelea.

Mpango huu unavunjika kwa njia mbili ninazozijua vizuri. Ya kwanza ni kula mizunguko mingi mno mwanzoni. Ukibaki na shupaza na kopa tu, na kopa bado hazijafunguliwa, kila unapopewa kuanzisha utalazimika kuanzisha shupaza na kuwatafuna walinzi wako mwenyewe. Dalili yake huonekana mapema: ukihesabu walinzi wamebaki wawili na pau au uru zako za kuachia uongozi zimekwisha, uko pabaya. Ya pili ni kupungukiwa mlinzi tangu mwanzo. Bibi mwenye walinzi wawili, tuseme 8 na 3, ameacha shupaza kumi nje. Kumi kwa watu watatu hazigawanyiki bila mmoja kupata nne au zaidi, kwa hiyo daima yuko mtu mwenye shupaza ya kutosha kumtoa bibi mzunguko wa tatu. Hapo nakubaliana na upande wa pili, isipokuwa uwe na uwezo wa kumaliza uru au pau zote kwa karata unazotoa.

Wanaostahili hofu kuliko bibi ni ree na mfalme wa shupaza bila bibi. Mwenye mfalme na shupaza moja ya chini hana uwezo wa kuchagua wakati. Mtu akianzisha shupaza mara mbili, mfalme anashuka, na mwenye bibi anamwangusha hapohapo. Hawa ndio wa kutolewa kwanza walinzi wakiwa chini ya watatu. Wanaotoa bibi kwa kushoto huku wakibaki na ree au mfalme wamefanya kosa zito zaidi, kwa sababu wamempa bibi mtu anayecheza baada yao. Shupaza za chini zenyewe, kuanzia ghulamu kushuka, usizitoe: hujui jirani wa kulia anakuletea nani, na akileta bibi, 9, 6 na 3 zako ndizo zitakazomlinda.

Upande wa kupitisha unabadilisha mizani. Ukipitisha kulia, aliyepokea bibi anacheza kabla yako kwenye kila mzunguko usioanzisha wewe. Unamwona ameshuka na nini kabla ya kuchagua, na ree ya shupaza mkononi mwako inakuwa na unafuu wa kweli. Kwa hiyo bibi mwenye walinzi wawili ningemtoa kulia bila kusita. Kushoto ningemtoa pia, lakini ree au mfalme wa shupaza akiwepo angeondoka pamoja naye. Mwenye walinzi watatu na uru fupi kama kwenye mfano wetu ningembakiza pande zote, na zaidi pale ambapo mchezaji anayeongoza kwa pointi chache anacheza kabla yangu nikimwona, kwa sababu mwenye bibi ndiye mwenye kuchagua nani abebe zile 13.